Barua ya wazi kutoka Tanga: mfuko ukijiita wa kijani, tuonesheni orodha

Kwa Mtendaji Mkuu na wajumbe wa bodi ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Kwa uongozi wa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Na kwa mameneja wote wa mifuko ya uwekezaji wa pamoja nchini.

Waheshimiwa,

Ninawaandikia nikiwa Chumbageni, Tanga. Ombi langu ni hili: mfuko wowote utakaouzwa kwa Watanzania kwa jina la kijani, endelevu, au kwa zile herufi tatu ESG za mazingira, jamii na utawala bora, utoe kanuni yake ya kuchagua mali kabla ya kupokea pesa za mtu. Kisha kila robo mwaka uweke hadharani orodha kamili ya ulichonunua. Vyote viwili viwe kwa Kiswahili ambacho mwenye kipande kimoja anaweza kukisoma.

Mimi ni mhasibu mstaafu, na kwa sasa nasaidia vikundi vya akina mama na vijana hapa mjini kuelewa hati fungani na vipande. Swali la mifuko ya ESG limeanza kunifikia kwa njia mbili. Ya kwanza ni ndugu zetu walioko Uingereza na Marekani, ambao pensheni zao za kazini zimewekwa kwenye mifuko ya namna hii. Wananitumia picha za simu na kuuliza kama kweli pesa yao inakwenda kwenye mambo ya kheri. Ya pili ni mawakala wanaopita kwenye vikundi vyetu. Mmoja alisema mbele ya wanakikundi kwamba mfuko wake ni "salama kwa mazingira," na nilipomwomba orodha ya mali akanipa kipeperushi chenye picha ya mti.

Tanga tuna haki ya kuuliza swali hili kwa sauti, kwa kuwa tunaishi na pande zake mbili. Februari 2024 Mamlaka ya Maji Tanga ilizindua hati fungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka. Upande wa pili, Chongoleani ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi la EACOP kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443. Sisemi hapa kwamba bomba ni baya au ni jema. Hilo ni jambo kubwa na lina barua yake. Nasema kwamba mtu anaweza kuwa na mfuko wenye jina la kijani, na ndani yake mkawamo senti za maji yetu, au senti za bomba letu, au vyote viwili, asijue. Jina la mfuko halimwambii. Orodha na kanuni ndivyo vinavyomwambia.

Niruhusuni nianze na kinachodaiwa, maana wauzaji huchanganya madai matatu katika sentensi moja.

Dai la kwanza ni la kupima hatari: "tunazingatia mazingira, jamii na utawala bora tunapochagua kampuni." Maana yake halisi ni kwamba meneja anaangalia kama mafuriko, kesi za wafanyakazi au bodi mbovu vitaipunguzia kampuni faida. Hapo anayelindwa ni mwekezaji. Dai la pili ni la kutenga: "hatununui makaa ya mawe, tumbaku, silaha." Dai la tatu ndilo zito, kwamba pesa yako italeta maji, umeme au ajira ambayo bila hiyo pesa isingekuwepo. Mifuko mingi hutimiza la kwanza, baadhi hutimiza la pili, na michache mno inaweza kuthibitisha la tatu. Lakini matangazo karibu yote huandikwa kana kwamba ni la tatu.

Tofauti hii inaonekana vizuri ukiiweka hati fungani ya maji ya Tanga kando ya mfuko wa hisa. Walionunua hati fungani ile ilipotolewa walimpa mtoaji pesa mpya, na waraka wa matoleo ulitaja kazi ya kufanywa: kupanua miundombinu ya maji ya Tanga na miji jirani. Mtu wa Tanga anaweza kwenda kuangalia kama kazi imefanyika, na anaweza kudai ripoti ya matumizi. Mfuko wa hisa ni jambo jingine. Meneja anaponunua hisa sokoni, kwa kawaida ananunua kutoka kwa mwenye hisa mwingine. Ukinunua pikipiki ya mtu pale Ngamiani, kiwanda kilichoiunda hakipati hata senti. Anayelipwa ni aliyekuuzia. Vivyo hivyo kampuni ya umeme wa jua ambayo hisa zake zimenunuliwa na mfuko huo haijapata mtaji wowote siku hiyo. Kuna njia nyingine ya kuwa na athari, nayo ni kupiga kura kwenye mikutano ya wanahisa na kuibana menejimenti, na nitaigusa mbele. Ila kusema "pesa yako imejenga" hali umenunua hisa sokoni ni kudai kisichotokea.

Sasa nije kwenye kesi ambayo naona inatuhusu zaidi kuliko zote, ingawa ilitokea Australia.

Kampuni ya Vanguard ya nchini humo ilikuwa na mfuko wa hati fungani uliojiita wa maadili. Mfuko huo ulifuata fahirisi ya kimataifa, yaani orodha ya hati fungani iliyopangwa tayari, na wateja waliambiwa kwamba mali zake zimechujwa ili kuondoa watoaji wenye biashara ya mafuta, gesi, makaa ya mawe na mengineyo. Mwishowe kampuni yenyewe ilijiripoti kwa mdhibiti, na mdhibiti akaipeleka mahakamani. Ilibainika kwamba takriban asilimia 74 ya mali za mfuko, kwa thamani ya soko, hazikuwa zimefanyiwa utafiti wala kuchujwa kwa vigezo vile vilivyotangazwa. Septemba 2024 Mahakama ya Shirikisho iliitoza faini ya dola milioni 12.9 za Australia.

Angalieni kilichotokea hapo. Tatizo halikuwa kwamba meneja alikwenda kununua kampuni chafu kwa makusudi. Watoaji wengi wa hati fungani waliokuwa ndani ya fahirisi hawakufanyiwa utafiti kabisa, kisha kila ambaye hakuchunguzwa akapita kama aliyefaulu. Ukisoma tangazo lao unaelewa kwamba mali zimechujwa. Ukisoma utaratibu wenyewe unaona kwamba zilichujwa zile tu ambazo mtu alikuwa amezitafiti.

Hili linatuhusu kwa sababu ya namna masoko yetu yalivyo. Hapa nchini mfuko wa hati fungani huegemea sana hati fungani za serikali, kwa kuwa ndizo nyingi na ndizo zinazopatikana. Hati fungani zilizotajwa kuwa za kijani au za jamii zimeshatolewa, na nafurahi: NMB walitoa Jasiri mwaka 2022 kwa ajili ya biashara za wanawake, CRDB wakatoa Kijani mwaka 2023, kisha ikaja ya maji yetu. Ni suala la muda tu kabla meneja fulani hajazikusanya na kuuza mfuko kwa jina la kijani. Tuchukulie mfano ambao nimeutunga mwenyewe ili hesabu ionekane.

Mfuko una shilingi bilioni 10. Bilioni 6.5 ziko kwenye hati fungani za serikali. Bilioni 1.5 ni amana za muda maalumu benki. Bilioni 1.2 ni hati fungani za kawaida za makampuni. Milioni 800 zilizobaki ndizo hati fungani za kijani. Muuzaji anaweza kuja kwenye kikundi chetu na kusema: "Asilimia 40 ya uwekezaji wetu kwenye makampuni ni ya kijani." Hajasema uongo. Hati fungani za makampuni jumla yake ni bilioni 2, na milioni 800 ni asilimia 40 ya hizo. Lakini mama aliyeweka shilingi milioni moja ana shilingi 80,000 tu kwenye kijani. 650,000 ziko serikalini, 150,000 ziko benki, na 120,000 kwa kampuni ambazo hakuna aliyemweleza zinafanya nini. Asilimia ya mfuko mzima ni 8.

Kwa hiyo mtu yeyote akitajiwa asilimia, aulize: asilimia ya nini? Ya mfuko wote, au ya sehemu moja tu ya mfuko? Na hati fungani za serikali zimehesabiwa upande gani? Hati fungani ya kawaida ya serikali huingia kwenye mfuko mkuu wa bajeti. Inaweza kulipa mishahara ya walimu wa Muheza au kulipa deni la zamani. Si dhambi kuimiliki, na kwa mwekezaji mdogo ni kinga nzuri. Ila kuiita ya kijani hakuna msingi, na kuiacha bila kusema kama imechunguzwa kunafanana na kilichowaponza wale wa Australia.

Kesi ya pili ni ya Marekani, na hii inahusu kutenga. Kampuni ya WisdomTree ilikuwa na mifuko mitatu ya hisa iliyouzwa kwa herufi za ESG. Nyaraka zake zilisema mifuko hiyo haitawekeza kwenye kampuni zinazojihusisha na nishati za visukuku wala tumbaku, bila kujali kampuni inapata kiasi gani cha mapato kutokana na biashara hizo. Kuanzia Machi 2020 hadi Novemba 2022 mifuko hiyo ilikuwa na kampuni zilizochimba na kusafirisha makaa ya mawe, zilizochimba na kusambaza gesi, na maduka yaliyouza tumbaku. Oktoba 2024 kampuni ilikubali kulipa faini ya dola milioni 4. Chanzo kilikuwa takwimu walizonunua kwa wachuuzi wa taarifa: vichujio vya wachuuzi hao havikuwa vipana kama maneno yaliyoandikwa kwenye waraka, na kampuni haikuwa na utaratibu wa kuvikagua.

Kwa mtu wa Tanga, somo liko kwenye hatua za biashara. Mafuta huchimbwa, husafirishwa, husafishwa, huuzwa. Kanuni ikisema "tunatenga wachimbaji wa mafuta," basi mwenye bomba, mwenye matangi na mwenye meli wanapita. Benki iliyowakopesha nayo inapita. Na jina la mradi halitaonekana kamwe kwenye orodha ya mfuko. Ukitafuta EACOP kwenye orodha ya mali za mfuko wa hisa hutaipata, kwa sababu kampuni ya bomba haiuzi hisa zake sokoni. Itabidi utafute wenye nayo: TotalEnergies yenye asilimia 62, ambayo hisa zake zinauzwa Paris; CNOOC yenye asilimia 8, inayouzwa Hong Kong; halafu mashirika ya umma, UNOC la Uganda na TPDC letu, kila moja asilimia 15. Ukitaka kwenda mbali zaidi, tafuta wakopeshaji. Machi 2025 ilipotangazwa awamu ya kwanza ya mkopo, miongoni mwa benki zilizotajwa zilikuwamo Standard Bank ya Afrika Kusini na KCB ya Uganda. Mfuko wenye hisa za kampuni mama za benki hizo una uzi unaofika Chongoleani, na hakuna kichujio cha "wachimbaji" kitakachouona.

Kisha kuna kizingiti cha mapato. Kanuni nyingi husema: tunatenga kampuni inayopata zaidi ya asilimia 5 ya mapato yake kwenye makaa ya mawe. Inasikika kali. Chukua kampuni kubwa yenye mapato ya shilingi trilioni 20 kwa mwaka, ambayo asilimia 4 tu inatoka kwenye makaa. Hiyo ni shilingi bilioni 800 za makaa ya mawe, na kampuni inapita. Kampuni ndogo yenye mapato ya bilioni 10, nusu yake makaa, inatengwa kwa bilioni 5. Sisemi vizingiti vifutwe. Bila kizingiti utamtenga hata mwenye duka la jumla. Nasema msomaji aonyeshwe namba, na aambiwe inahesabiwa kwa mapato, si kwa tani.

Kuhusu alama ambazo kampuni za upimaji huzitoa, sitakaa sana. Wasomaji wengi hudhani alama ya juu ya ESG inamaanisha kampuni haidhuru mazingira. MSCI, mmoja wa wapimaji wakubwa duniani, hueleza waziwazi kwamba alama zake hupima jinsi kampuni inavyokabili hatari zinazoweza kuathiri fedha zake, ikilinganishwa na kampuni za sekta yake. Kwa hiyo kampuni ya mafuta hushindana na kampuni za mafuta, na mojawapo lazima iongoze. Zaidi ya hapo, wapimaji hawakubaliani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulilinganisha wapimaji sita na kukuta uwiano wa alama zao ni wastani wa 0.54, ambapo 1 ni kukubaliana kabisa, hali wapimaji wa uwezo wa kulipa madeni huwiana kwa zaidi ya 0.9. Mwaka huohuo Tesla iliondolewa kwenye fahirisi ya ESG ya S&P 500 na Exxon ikabaki. Mtu akikuonyesha alama, muulize nani ameitoa na imepima nini. Kisha rudi kwenye orodha.

Na orodha inasomwaje? Hapa niongee na wale ndugu walioko nje na wale wanaowasaidia, kwa sababu huko tayari inapatikana bure.

Kwa mifuko ya Marekani, nenda kwenye tovuti ya sec.gov, fungua sehemu ya EDGAR, andika jina la mfuko, kisha tafuta waraka uitwao NPORT-P. Huo una kila mali ya mfuko, thamani yake, na asilimia yake ya mfuko mzima. Hutolewa kila robo mwaka, ukichelewa kama siku 60. Kwa mifuko ya Ulaya, orodha kamili iko kwenye ripoti ya mwaka na ya nusu mwaka. Usikubali ukurasa wa "mali kumi kubwa." Mfuko wenye kampuni 300 unaweza kuweka kumi bora juu, zikawa asilimia 20 ya pesa, na asilimia 80 ukaziona tu ukishuka chini.

Tovuti za mameneja wengi pia hutoa orodha ya kupakua pamoja na sekta. Ukiifungua kwenye Excel, jina likiwa safu ya A, sekta safu ya B na asilimia safu ya C, fomula hii inakupa jumla ya nishati:

```
=SUMIF(B2:B400,"Energy",C2:C400)
```

Ila usiishie hapo, maana sekta nazo hudanganya macho. Kampuni ya kusambaza gesi mara nyingi huwekwa chini ya Utilities, pamoja na maji na umeme. Reli inayoishi kwa kubeba makaa ya mawe iko chini ya Industrials. Rudia fomula kwa sekta hizo mbili, kisha soma majina, moja baada ya jingine. Ni kazi ya jioni moja. Ukikuta jina usilolijua, fungua ripoti ya mwaka ya kampuni hiyo utafute mgawanyo wa mapato kwa biashara. Kampuni zilizoorodheshwa huuweka.

Baada ya orodha, soma kanuni. Katika waraka wa matoleo tafuta sentensi zenye namba, na uzitofautishe na sentensi zenye matumaini. "Tutazingatia," "tunalenga," "inapowezekana" hazimfungi mtu yeyote. "Angalau asilimia 80 ya thamani ya mfuko" inamfunga. Halafu jiulize ile asilimia 20 iliyobaki inaruhusiwa kuwa nini. Mara nyingi ni fedha taslimu na mikataba ya kukinga hatari, jambo la kawaida, lakini wakati mwingine waraka hauiwekei mpaka wowote.

Kama meneja anadai anazibana kampuni kwa kura, Marekani hizo kura nazo ziko EDGAR, kwenye waraka uitwao N-PX. Unaona azimio na unaona alivyopiga. Anayejivunia kuibana kampuni ya mafuta, halafu kura zake zote zimefuata menejimenti, amejibu mwenyewe.

Waheshimiwa, Ulaya ilipitia njia hii kabla yetu na tunaweza kuepuka matuta yao. Machi 2021 walianza kutumia kanuni ya uwazi iliyogawa mifuko kwa vifungu: kifungu cha 8 kwa mifuko inayotangaza sifa za mazingira au jamii, na cha 9 kwa yenye lengo la uwekezaji endelevu. Ilikusudiwa kuwa kanuni ya kutoa taarifa. Wauzaji wakaigeuza medali, "sisi ni wa kifungu cha 9." Masharti yalipofafanuliwa zaidi, mwishoni mwa 2022 mamia ya mifuko ilishushwa na mameneja wake wenyewe kutoka cha 9 kwenda cha 8. Mwenye pesa hakubadilishiwa hata kampuni moja siku hiyo. Kilichobadilika ni kibandiko. Baadaye mdhibiti wao wa masoko, ESMA, akagusa jina lenyewe. Mfuko wenye neno la mazingira au uendelevu katika jina lake lazima uwe na angalau asilimia 80 ya uwekezaji wake kwenye kile unachokidai, na kwa maneno ya kimazingira lazima pia utenge kampuni za makaa, mafuta na gesi zinazovuka vizingiti vilivyotajwa. Mifuko ya zamani ilipewa hadi Mei 21, 2025 kutii au kubadili jina.

Huko walianza na vifungu, wakaja kwenye jina baada ya miaka minne. Nawaomba ninyi muanze na jina.

Ninachoomba kwa Mamlaka ni kwamba kanuni ya mfuko iandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa waraka wa matoleo, ikiwa na asilimia ya mfuko mzima, vizingiti vya mapato, na hatua za biashara zinazohusika: kuchimba, kusafirisha, kuuza, kukopesha. Iseme wazi hati fungani za serikali na amana za benki zimewekwa upande gani. Orodha ya kila robo mwaka itolewe kama jedwali linalofunguka, si picha ya karatasi iliyoskaniwa, na kila mstari uwe na neno moja kati ya matatu: imechunguzwa, haijachunguzwa, haihusiki. Neno hilo la pili peke yake lingewaokoa wateja wa Australia, kwa kuwa wangeliona likijirudia kwenye robo tatu ya pesa zao.

Mnapokagua, hamhitaji kukagua kila kitu. Chukueni mistari kumi ya orodha bila kumwambia meneja ni ipi, mtake ushahidi wa uchunguzi wa kila mmoja, tarehe yake na aliyeufanya. Takwimu zikiwa za mchuuzi wa nje, meneja aonyeshe kwamba kichujio cha mchuuzi kinalingana na maneno ya waraka. Kosa la WisdomTree lingeonekana hapo.

Kwa uongozi wa Soko la Hisa: hati fungani ya kijani iliyoorodheshwa iwe na ukurasa mmoja unaoeleweka, wenye ripoti za matumizi ya fedha mwaka kwa mwaka. Sisi wa Tanga tuko tayari kuwa wa kwanza kuisoma ya kwetu, kwa kuwa tunaweza kutoka nyumbani tukaona bomba la maji limefika wapi. Mfuko ukija kununua hati fungani hiyo, ripoti hizo ndizo ushahidi wake.

Na kwa mameneja: mnaogopa kwamba kutangaza orodha kamili kutawapa washindani siri zenu. Wenzenu wa Marekani huitoa kila robo mwaka, kwa kuchelewa siku 60, na bado wanafanya biashara. Chukueni siku hizo 60. Mkiona mfuko wenu hauwezi kufikia asilimia mliyoiandika kwa kuwa soko letu bado lina hati fungani chache za kijani, upeni jina la kawaida, mfuko wa hati fungani, na semeni ndani ya waraka kwamba asilimia 8 ni ya kijani. Nitakuwa wa kwanza kuuelezea kwenye vikundi vya huku, kwa namba zake.

Naomba majibu yenu yatolewe hadharani, pamoja na tarehe ambayo masharti haya yanaweza kuanza.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mhasibu mstaafu, Chumbageni, Tanga